Ombi la Kusahihishwa Upya Karatasi ya Fizikia

Kwa Mwalimu wa Fizikia,
Kidato cha Tatu B.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Shikamoo Mwalimu,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHWA UPYA MASWALI YA 4, 7 NA 9, NAMBA YA MTIHANI 27

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wako wa Kidato cha Tatu B. Naomba kwa heshima unisahihishie upya maswali 3 ya karatasi ya Fizikia ya mwisho wa muhula, uliyoturudishia Ijumaa tarehe 11 Julai. Nimepata alama 61 kati ya 100. Karatasi nimeiambatisha kama nilivyoipokea. Sijaigusa kwa kalamu wala kwa penseli, na mahesabu yote niliyoyarudia nyumbani nimeyaandika kwenye karatasi nyingine iliyobanwa nyuma ya barua hii.

Ulipotugawia karatasi ulisema mwenye shaka asije kukuzonga mezani, aandike. Nimeisoma karatasi yangu mwishoni mwa juma, mara ya kwanza nikiwa na uchungu, mara ya pili nikiwa nimetulia, na nimekuandikia yale tu yaliyobaki baada ya kutulia. Najua umesahihisha mikondo miwili ndani ya wiki moja. Sidhani kuna mahali umenionea.

Naanza na swali la 9, kwa sababu pale nadhani kuna kazi ambayo haikuonekana kabisa. Ni lile la pendula. Tulipewa jedwali la urefu wa uzi na muda wa mizunguko 20, tuchore grafu ya T² dhidi ya urefu, kisha tutumie mteremko wake kutafuta g. Jedwali na grafu umenisahihishia, na alama 7 nimezipata. Kipengele (c), chenye alama 6, hakina alama ya vema, hakina mkasi, hakina hata nukta ya wino mwekundu. Kwenye jumla ya swali kimehesabiwa sifuri.

Kazi yenyewe ipo nyuma ya karatasi ya grafu. Nafasi ya majibu iliniishia, nikageuza karatasi na kuendelea. Kosa langu ni kwamba upande wa mbele sikuandika "geuza", na karatasi ya grafu ilikuwa imebanwa upande ule ukitazama ndani. Ukiigeuza utaona nimechagua nukta mbili zilizo juu ya mstari wenyewe, si nukta za jedwali, kama ulivyokuwa ukitusisitizia: (0.10, 0.40) na (0.90, 3.64). Mteremko ukatoka 3.24 gawanya kwa 0.80, yaani 4.05. Kwa kuwa T = 2π√(l/g), mteremko ni 4π²/g, hivyo g = 39.48/4.05, ambayo ni 9.75 mita kwa sekunde kwa sekunde. Chini yake nimeeleza chanzo kimoja cha kosa: kuchelewa kwa mkono kwenye saa, na kwamba ndiyo maana tunahesabu mizunguko 20 na si mmoja. Naomba tu upande huo usomwe. Utakachoona kinastahili nitakipokea.

Swali la 7 ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa humo nimekosea kweli. Vikinza vya omu 6 na omu 3 vimeunganishwa sambamba, kisha vikafuatwa na kikinza cha omu 4 kwa mfululizo, betri ikiwa ya volti 12. Kwenye kipengele (a) niliandika vizuri 1/6 + 1/3, nikapata 3/6, nikapata 1/2. Hapo nikateleza. Ile 1/2 ni kinyume cha ukinzani, na mimi nikaichukua kama ukinzani wenyewe. Sikugeuza. Badala ya omu 2 nikaandika omu 0.5, na jumla ikawa omu 4.5 badala ya omu 6. Umenipa alama 2 kati ya 4, na sina neno juu ya hilo. Ni haki.

Ninachoomba kinahusu (b), (c) na (d), ambavyo vyote nimepata sifuri. Vipengele hivyo vimefungwa kama shanga kwenye uzi mmoja: mtu hawezi kupata mkondo wa (b) bila jumla ya ukinzani ya (a), hawezi kupata volteji ya (c) bila mkondo wa (b), wala nguvu ya (d) bila mkondo huo huo. Kwa hiyo kosa moja, la kusahau kugeuza sehemu, limeniondolea alama mahali panne. Nimetumia I = V/R nikapata 12/4.5, yaani ampea 2.67. Nimezidisha kwa omu 4 nikapata volti 10.67. Kisha P = I²R ikanipa wati 28.4. Hayo si majibu ya mwongozo, najua. Majibu sahihi ni ampea 2, volti 8 na wati 16. Lakini ukichukua mistari yangu ile ile, ukafuta 4.5 na kuweka 6, bila kubadili kitu kingine chochote, inatoa hayo hayo majibu sahihi. Nimefanya hivyo kwenye karatasi niliyoambatisha ili usipoteze muda kuhakiki.

Mwalimu, mwanzoni mwa muhula ulituambia kwamba katika swali la hesabu njia ina alama zake na jibu lina alama yake. Nililiandika hilo kwenye jalada la ndani la daftari langu. Ndiyo maana kwenye mtihani sikuruka hatua hata moja, hata pale ambapo ningeweza kukokotoa kichwani. Nikiona mkasi mmoja mrefu uliopita juu ya mistari yote mitatu, nashindwa kujua kama njia yangu ina kasoro au ni namba tu iliyorithi kosa la juu yake. Kama njia ina kasoro, naomba unionyeshe mstari wenyewe, maana nitaendelea kuitumia. Kama ni namba tu, naomba alama za njia.

Swali la 4 ni fupi. Jiwe limerushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. (A) tafuta kimo cha juu kabisa, (b) tafuta muda wa kufika huko. Nimepata mita 11.48 na sekunde 1.53. Pembeni mwa (a) umeandika 11.25 na kunipa alama 1 kati ya 4. Tofauti inatoka kwenye g. Mwongozo umetumia 10, mimi nimetumia 9.8, na mstari wangu wa kwanza kabisa unasema hivyo: g = 9.8. Nimetafuta kwenye swali na kwenye maelekezo ya ukurasa wa mbele, sikuona mahali tulipoambiwa tutumie thamani ipi.

Ni kweli darasani mara nyingi tunatumia 10 ili hesabu ziwe nyepesi. Lakini thamani halisi juu ya uso wa dunia ni kati ya 9.78 kwenye ikweta na 9.83 kwenye ncha, na 10 ni makadirio yake. Tena kwenye karatasi hiyo hiyo, swali la 9, pendula yangu ilinipa 9.75, nikaona nikiandika 10 ninakwenda kinyume na kipimo changu mwenyewe. Majibu hayo mawili, 11.25 na 11.48, yanapishana kwa takribani asilimia 2. Kitu kingine: kipengele (b) umenipa alama zote ingawa 1.53 inatokana na 9.8 ile ile na mwongozo unasema 1.5. Nadhani kule ilionekana kama tofauti ya kukadiria desimali, na huku ikaonekana kama jibu jingine kabisa. Kama ulikusudia 10 pekee ndiyo ikubaliwe, nitaelewa, ila naomba uniambie ili mtihani ujao nisirudie.

Kuna jambo moja ambalo linakwenda upande wa pili, na sitakuwa mkweli nikilinyamazia. Swali la 2 (b) liliuliza uzito wa kitu chenye tungamo la kilo 5. Nimeandika "uzito = 50", bila kipimo chochote mbele yake, na umenipa alama zote 2. Ilipaswa kuwa nyutoni 50, na kwa utaratibu wako jibu lisilo na kipimo linakatwa alama 1. Naomba uikate. (Hapo nilitumia 10 kwa sababu swali lenyewe liliandika nyutoni 10 kwa kilo, ndiyo maana nasema kwenye swali la 4 hatukuelekezwa.)

Swali la 5, la lenzi, nilikuwa na nia ya kulitaja pia, kisha nikaacha. Nilichora mwali wa pili ukipita pasipo fokasi, na taswira ikaangukia mahali pasipo pake. Nimechora upya kwa rula na nimeona mwenyewe.

Sijajumlisha alama ninazotarajia, kwa sababu kuzipanga ni kazi yako. Lakini sitaki kukuficha kwa nini nimejali kiasi hiki. Wanaotaka kuendelea na Fizikia mwaka ujao wanatakiwa wawe wamefika 70 kwenye mtihani huu, na orodha inafungwa Ijumaa tarehe 25 Julai. Fizikia ndilo somo ninalofungua kwanza nikifika nyumbani. Nikibaki nje ya orodha kwa sababu ya mwali niliouchora vibaya na sehemu niliyosahau kuigeuza, nitakubali na nitasoma zaidi. Kubaki nje kwa sababu ya ukurasa uliotazama ndani kungeniuma sana.

Naelewa kwamba karatasi ikisahihishwa upya alama zinaweza kupanda, kubaki pale pale au kushuka, na nitapokea lolote. Kama ungependa nieleze hatua yoyote mbele yako, nipo siku zote baada ya kipindi cha mwisho, na Jumatano nina nafasi pia wakati wa mapumziko marefu. Nitapita mlangoni kwa chumba cha walimu Jumatano. Ukiwa na kazi nyingine nitarudi siku utakayoniambia.

Nakushukuru kwa muda wako, na kwa lile somo la ziada la saketi la Alhamisi kabla ya mtihani. Bila hilo hata ile 1/6 + 1/3 nisingeiandika.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi namba 27,
Kidato cha Tatu B.

Viambatisho: karatasi ya mtihani pamoja na karatasi ya grafu, ukurasa mmoja wa mahesabu ya swali la 7.