Hotuba ya Dada Mkuu ya kuwakaribisha walimu na wanafunzi wa kidato cha kwanza, paredi ya Jumatatu asubuhi

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Makamu Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Taaluma, Mwalimu wa Malezi, walimu wetu wote, matroni wetu, mama zetu wa jikoni na mzee wetu wa getini, shikamooni.

Viranja wenzangu na wanafunzi wenzangu, habari za likizo? Na ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza mliosimama hapa mbele, hamjambo?

Kwanza niwashukuru walimu. Jana wengine wenu mlikuwa hapa tangu alfajiri mkipokea wanafunzi na kukagua fomu, na saa mbili usiku taa ya ofisi ya taaluma ilikuwa bado inawaka. Tumeliona hilo. Walimu wawili waliohamia kwetu muhula huu, karibuni sana Lushoto. Sisi tutakuwa watoto wenu.

Wadogo zangu, karibuni. Nimewaona mkishuka kwenye gari na matranka, ndoo, majembe na fagio za chelewa, wengine mmetoka Handeni, wengine Muheza, wengine Tanga mjini kwenye joto. Ada ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini godoro, sare na nauli havikufutwa, na najua wapo hapa ambao nyumbani kimeuzwa kitu ili wafike. Viatu hivyo vyeusi vipigeni rangi kila jioni kwa kumkumbuka aliyevinunua. Na masweta msiyafungie chini ya tranka, mtayahitaji sana Juni na Julai ukungu ukishuka kutoka milimani.

Ratiba mtaisoma ubaoni: kengele ya kuamka saa 11 alfajiri, usafi, paredi, vipindi, na prepo usiku. Mtaizoea ndani ya wiki mbili. Mimi nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye ratiba.

Miaka mitatu iliyopita nilisimama hapo mlipo. Darasa la saba nilikuwa wa kwanza shuleni kwetu. Nilipofika hapa, wiki ya pili mwalimu wa Biolojia aliuliza swali kwa Kiingereza. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisoma kwa Kiswahili, usanisinuru, mmea unavyojitengenezea chakula. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikatamka maneno matatu, nikakwama. Darasa likacheka. Nilikaa chini, na mkono ule sikuunyoosha tena mpaka Juni.

Miezi mitano, wadogo zangu. Mwalimu alidhani sielewi, nami nikaanza kuamini kwamba kweli sielewi. Aliyenitoa huko ni dada mmoja wa kidato cha tatu kitandani juu yangu, aliyekuwa ananiuliza kila usiku baada ya prepo, "Leo umejifunza neno gani?" Nilimpa neno moja kila siku, na yeye alinisahihisha bila kucheka.

Kwa hiyo nawaambia, mlichosoma miaka saba hakijapotea. Jani ni lile lile na jua ni lile lile, kilichobadilika ni jina kitabuni. Semeni vibaya, semeni tena. Mkikwama, muombeni mwalimu ruhusa mmalizie kwa Kiswahili, halafu mwalimu awaonyeshe linavyosemwa.

Wanafunzi wenzangu wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne, hapa nawageukia ninyi. Neno "njuka" lisitumike kumchotesha mtu maji yako wala kumfulisha nguo zako. Mwenye kuchota achote yake. Na mtu akikosea Kiingereza mbele yako, usicheke. Ninajua sote tuliwahi kucheka, na mimi nimo. Viranja na mimi tumekubaliana kwamba kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza atapewa dada mmoja wa kumwangalia bwenini, na majina yamebandikwa kwenye mlango wa bwalo. Nenda ukamtafute mdogo wako leo, kabla ya chakula cha mchana, umjue jina na kwao.

Walimu wetu, tunawaomba mtuvumilie wiki hizi za mwanzo. Mkiona mtoto amenyamaza nyuma ya darasa, tunaomba mumuulize mara ya pili.

Wadogo zangu, mtu akikuonea, ukiugua usiku, au ukilia tu kwa kukumbuka nyumbani, kitanda changu ni cha kwanza kushoto mlangoni, bweni la pili. Gonga saa yoyote.

Baada ya paredi, kidato cha kwanza mbaki mstarini, matroni atawapeleka stoo mkachukue vitabu. Wengine tuelekee madarasani.

Karibuni nyumbani. Asanteni kwa kunisikiliza.