Tulichokipata kwenye mahindi na karanga zenu: muhtasari kwa kaya zilizoshiriki utafiti wa sumukuvu, Kongwa na Chamwino

Ndugu mshiriki,

Mwezi Julai 2024, baada ya mavuno, ulitufungulia ghala lako. Ulitupa kilo moja ya mahindi, na kama ulikuwa na karanga, nusu kilo ya karanga. Ukajibu maswali yetu kwa karibu saa nzima, kisha Januari 2025 tukarudi tena. Wataalamu wameshaonyeshwa matokeo kwa slaidi zenye grafu na majedwali. Karatasi hii ni ya kwako. Imeandikwa isomwe nyumbani, au isomwe kwa sauti kwa asiyesoma.

Tulikuwa tunatafuta nini

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu anayeishi kwenye udongo. Huingia kwenye punje shambani, hasa mmea unapopigwa na ukame au wadudu, na huongezeka ghalani kukiwa na unyevu. Huwezi kuionja wala kuinusa. Mahindi yenye ukungu unaoonekana yana hatari, lakini hata mahindi meupe, safi kwa macho, yanaweza kuwa nayo. Kupika hakuiondoi: ugali ukiiva vizuri, sumu bado imo.

Wengi wenu mliuliza kwa nini tunahangaika na jambo hili. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu nyingi. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Hiyo ni sumu nyingi kwa muda mfupi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo za kliniki za mtoto zisirukwe: kinga ya homa ya ini B imo humo.

Kipimo kinachoruhusiwa kwa mahindi na karanga ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kila kilo. Ni kidogo sana. Kwa uzito, ni kama punje moja iliyojificha ndani ya magunia zaidi ya 300. Kwa hiyo tunaposema "juu ya kipimo" tunamaanisha zaidi ya hizo 10. Haimaanishi kwamba aliyekula ataugua kesho.

Mahindi

Kaya 240 zilitupa mahindi mwezi Julai, kaya 60 katika kila kijiji kati ya vijiji vinne. Kaya 31 zilikuwa juu ya kipimo. Januari tulipima kaya 218, kwa sababu 15 zilikuwa zimemaliza mahindi na 7 zilihama au ziliamua kutoendelea, na hiyo ni haki yao. Safari hii kaya 65 zilikuwa juu ya kipimo. Kwa lugha nyepesi, wakati wa mavuno ilikuwa kaya moja au mbili katika kila 10, na miezi sita baadaye ikawa tatu katika kila 10. Ghala lilichangia.

Kwenye slaidi tuliandika kwamba wastani wa Januari ulikuwa mikrogramu 14. Namba hiyo ni sahihi, lakini ikisomwa kijijini inapotosha, kwa sababu inafanya ionekane kama kila nyumba imevuka kipimo. Ukweli ni kwamba nusu ya kaya zilikuwa chini ya 4, na kaya chache zilizokuwa juu sana ndizo zilizouvuta wastani. Kaya 3 zilipita 100. Hizo hatukuzisubirisha hadi leo: tulizifuata nyumbani wiki ileile majibu yalipotoka, tukiwa na afisa ugani, na mahindi hayo yakaacha kuliwa.

Nini kilitofautisha ghala na ghala? Kaya 52 zilihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Saba kati yake zilikuwa juu ya kipimo. Kaya 166 zilitumia viroba vya kawaida, na 58 zilikuwa juu ya kipimo. Ni tofauti kubwa, lakini tuseme wazi: hatukugawa mifuko kwa kura. Aliyeinunua huenda pia alikausha vizuri zaidi au alikuwa na nafasi nzuri ya kuhifadhia. Hatuwezi kusema mfuko peke yake ndio uliofanya kazi yote.

Na zile kaya saba zina funzo lake. Tano kati yake zilifunga mahindi ambayo hayajakauka. Mfuko huo huua dumuzi kwa kukosesha hewa, lakini haukaushi kitu. Unyevu uliofungiwa ndani hubaki ndani.

Kuna njia ya kujua ukavu bila mashine. Chukua chupa kavu yenye mdomo mpana na kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi laini iliyokauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Isipoganda, yameshuka kufika kama asilimia 15. Kwa kuhifadhi miezi mingi tunataka 13, kwa hiyo ongeza siku moja au mbili za jua kali. Kosa tuliloliona mara kwa mara ni chumvi yenyewe kuwa na unyevu. Ikaange kwanza kwenye sufuria kavu, ipoe, ndipo uitumie.

Anika juu ya turubai au jamvi. Udongo ndiko kuvu anakoishi, na mahindi yaliyomwagwa uwanjani humfuata hukohuko. Ghalani, weka magunia juu ya chaga la miti, yasiguse sakafu wala ukuta. Kwenye nyumba za tembe tuliona mara nyingi gunia la mwisho, lile lililoegemea ukuta wa udongo, likiwa na unyevu upande mmoja tu. Sehemu hiyo ndiyo ilikuwa imeharibika.

Karanga

Hapa ndipo tulipopata jambo ambalo tungependa kila mama na kila baba alisikie.

Kaya 160 zilitupa karanga. Sampuli nne ziliharibika mikononi mwetu kabla ya kupimwa: mfuko ulipasuka na namba zikachanganyika. Tunaziomba radhi kaya hizo nne, na zimeshajulishwa. Zilizobaki ni 156, na 47 zilikuwa juu ya kipimo.

Tuliuliza mnavyozibangua. Kaya 68 zilisema hunyunyizia maji au huloweka kwanza ili maganda yalainike, kwa sababu kubangua gunia zima kwa vidole ni kazi inayochubua mikono. Kati ya hizo 68, kaya 31 zilikuwa juu ya kipimo, karibu nusu. Kaya 88 zilizobangua karanga kavu, 16 tu zilikuwa juu, yaani kama mbili katika kila 10. Maji hayo machache huamsha kuvu, na karanga zikiwekwa kwenye kiroba jioni hiyohiyo, kufikia asubuhi kazi imeanza.

Hatumlaumu mtu. Tuliona vidole vyenu. Ushauri ni kubangua zikiwa kavu, kidogo kidogo kadiri ya matumizi, au kukodi mashine ya mkono kwa kikundi. Ukilazimika kulowanisha, basi zianikwe upya siku hiyohiyo mpaka zikauke kabisa. Za uji wa mtoto zibanguliwe kavu bila kisingizio, maana mtoto mdogo hula uji huohuo kila siku na mwili wake ni mdogo.

Kuchagua kunasaidia

Kaya 20 zilikubali tupime mahindi yao kabla na baada ya kuchagua. Kwenye ungo, mliondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa. Kabla, kaya 8 zilikuwa juu ya kipimo. Baada ya kuchagua, zilibaki 3. Ni kaya chache, kwa hiyo tunaona mwelekeo mzuri lakini hatujathibitisha. Kukoboa nako hupunguza, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu iko kwenye pumba na kiini. Anayependa dona asiache, ila achague kwanza kwa makini.

Tatizo ni zilikokwenda punje mbaya. Kaya 14 kati ya hizo 20 zilisema kuku watalishwa punje hizo au zitapikiwa pombe. Tafadhali msifanye hivyo. Pombe haiui sumu, kuku hudhoofika, na ng'ombe akilishwa, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Zifukieni mbali na shamba na kisima.

Tusichokijua

Hatukupima damu wala kuchunguza afya ya mtu. Hatuwezi kusema nani ataugua, wala kwamba ugonjwa fulani nyumbani kwako umeletwa na sumukuvu. Mtu akiwa na macho ya njano, tumbo kujaa na kutapika, apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aelezwe familia inakula mahindi gani. Pia tulipima msimu mmoja tu. Msimu mwingine unaweza kuwa tofauti.

Taarifa zako ziko wapi

Jina lako liko kwenye orodha moja iliyofungiwa, tofauti na majibu. Kwenye majibu kuna namba tu. Slaidi za mwanzo zilikuwa na ramani yenye nukta kwa kila nyumba. Tumeiondoa, maana kwenye vitongoji vyenye nyumba chache, mtu angeweza kunyoosha kidole na kusema "hii ni ya fulani". Majina ya vijiji pia hayataandikwa popote. Mlituambia mnahofia wanunuzi wa soko la Kibaigwa wasije wakayakataa mahindi ya kijiji kizima, na hofu hiyo ni halali.

Mabaki ya sampuli yameteketezwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 unaweza kuomba kuona ulichotuambia, kirekebishwe au kiondolewe. Orodha ya majina itaharibiwa mwishoni mwa Desemba 2025. Baada ya hapo hatutaweza tena kujua majibu yapi ni yako, kwa hiyo mwenye ombi alilete kabla.

Bahasha yako

Majibu ya nyumba yako yamo kwenye bahasha iliyofungwa, yenye namba ileile uliyopewa siku ya kwanza. Hatutaisoma mkutanoni. Ndani kuna mistari mitatu: mahindi ya Julai, mahindi ya Januari, na karanga. Kila mstari una namba na neno moja, "chini" au "juu" ya kipimo. Pasipo sampuli pameandikwa "haikupimwa".

Njoo na kikaratasi chako cha namba. Aliyekipoteza atahakikiwa faragha na mtafiti aliyemhoji. Unayetaka kusomewa, mhudumu wa afya wa kitongoji chako amefundishwa kufanya hivyo mkiwa wawili tu. Tutakuwa ofisi ya kijiji kwa siku mbili baada ya mkutano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Bahasha zisizochukuliwa zitapelekwa nyumbani na aliyewahoji, si na mtu mwingine.

Timu ya utafiti