Maombi ya Nafasi ya Mafunzo Tarajali ya Uhasibu

Chuo Kikuu Mzumbe,
S.L.P. 1,
Mzumbe, Morogoro.

12 Mei 2025

Mhasibu Mkuu,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Morogoro,
Morogoro.

Ndugu,

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MAFUNZO TARAJALI, AGOSTI HADI OKTOBA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Shahada ya Uhasibu na Fedha. Namaliza mitihani mwezi Julai, na naomba kujifunza kazi katika idara yako kwa miezi 3.

Sijawahi kuajiriwa. Ofisini nimekaa wiki 8 tu, za mafunzo kwa vitendo katika halmashauri moja, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga hati za malipo na kuhakikisha kila moja ina stakabadhi ya EFD. Ni kazi ndogo, ila ndiko nilikozoea kutopokea hati isiyo na kiambatisho.

Vitabu halisi nimevishika mtaani. Tangu mwaka 2023 natunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 24 wa Kihonda, ambacho shangazi yangu ni mwanachama. Nilikuta kila kitu kimeandikwa kwenye kaunta buku. Nikahamishia hisa, mikopo na marejesho kwenye Excel, lakini kaunta buku tumeibakiza, maana akina mama wanataka kuona wino. Jioni moja fedha za kwenye sanduku zilipungua kwa shilingi 27,000 kuliko daftari, na minong'ono ikaanza. Kwa kuwa tofauti ile iligawanyika kwa 9, nilishuku tarakimu zilizopinduliwa. Nikapitia marejesho mstari kwa mstari hadi nikaipata: 47,000 ya mama mmoja ilikuwa imeandikwa 74,000. Tulisahihisha mbele ya wanachama wote, na mweka hazina akasaini pembeni.

Nimeomba kwenu hasa kwa sababu ya wadaiwa. Nalipa bili ya maji ya shangazi kwa simu, kwa kumbukumbu namba, na ningependa kuona malipo yale yanavyofika kwenye leja ya mteja, yanavyosuluhishwa na taarifa ya benki, na mnavyowashughulikia wadaiwa sugu mwisho wa mwaka. IPSAS nimezisoma darasani, sijaziona zikitumika.

Baada ya shahada nimekusudia kuanza mitihani ya NBAA. Naishi Kihonda, kwa hiyo sitahitaji malazi, na kazi ya kupanga majalada siioni kuwa ya kunidhalilisha.

Nimeambatisha wasifu wangu wenye namba ya simu, matokeo ya mihula 5 na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Niko tayari kwa usaili siku yoyote isipokuwa Jumanne asubuhi, ambapo nina kipindi cha ukaguzi wa hesabu.

Wako mtiifu,

Neema J. Mkude