Pole Asha, mwenzangu

Asha mwaya, inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Nimepiga tangu asubuhi simu haipokelewi na wala usihangaike kunirudia, ndo maana nimeona niandike hapahapa watu wote waone, maana mama yule hakuwa wa nyumba moja.

Sie tuliokulia Ngamiani kila mtu ana lake juu yake. Mie langu ni vitumbua. Natumwa alfajiri na hela ya vitumbua vitatu narudi na vitano, mama'angu akanishika siku moja eti nimeiba, akanikokota mpaka barazani kwenu kuuliza, mama yako akacheka wee, kisha akamwongezea na yeye viwili hahaha. Sijui alikuwa anapata faida gani yule mama kwa kweli, na bado kawasomesha nyote wanne.

Sasa lile uliloniambia jana usiku, sikirudii hapa kitu chako, ila nilivyokata simu sikulala. Shoga, miezi saba umemkogesha, umemgeuza, umemlisha uji kijiko kwa kijiko, kazi umeacha, na Ramadhani iliyopita niliongea naye mwenyewe kwa simu yako wewe ukiwa jikoni, akanambia "mwanangu huyu kanibeba mie kuliko nilivyombeba yeye, radhi zangu anazo zote". Sikukwambia wakati ule maana nilijua utalia. Nakwambia leo. Mwenyewe kashakupa radhi, sasa hizo dakika kumi ulizotoka nje nani anazihesabu?

Roho inaniuma kuwa sikuwahi maziko. Habari ilinifikia Dodoma jana saa nne, anazikwa alasiri, basi gani lingenifikisha Tanga. Kesho napanda la alfajiri inshallah, na sirudi mpaka khitma ipite, kwahiyo nitengee mkeka tu nilale hapohapo chini na wenzangu.

Na nyie jamani mnaosoma hapa, naomba, acheni kumpigia mkamuuliza "kwani alikuwa anaumwa nini", kila simu moja anaanza kusimulia upya toka mwanzo, mnamchosha. Mwenye rambirambi ampe kaka yake mkubwa, mwenye nafasi aende pale na mchele, sukari, au mikono yake tu akaoshe vyombo, watu ni wengi.

Allah amrehemu mama yetu, ampe kauli thabiti, alifanye kaburi lake kuwa bustani katika bustani za peponi. Amin.

Asha kula kidogo, hata chai ya rangi. Na kile kikaango cha vitumbua alichonipa nilipoolewa ninacho hadi leo, nakuja nacho, ukitaka kukishika utakishika, usipotaka kitakaa kwenye begi langu.