Siku ya wazi darasa la 5: naomba jibu lako kabla ya Ijumaa tarehe 5 Juni, saa 10 jioni

Jumatatu, tarehe 25 Mei

Wazazi na walezi wa darasa la 5,

Habari za leo, poleni na majukumu. Naanza na la muhimu kabisa ili hata anayesoma barua hii amesimama asikose: siku ya wazi ya darasa letu ni Jumamosi tarehe 13 Juni, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 7 mchana, na mnakaribishwa wote. Jibu lako la kuja au kutokuja nalihitaji kabla ya Ijumaa tarehe 5 Juni, saa 10 jioni. Haya sasa mengine mnaweza kusoma taratibu mkikaa.

Najua wengine mtasema huyu mwalimu na tarehe zake, mbona safari zilizopita tulikuwa tunakuja tu. Ni kweli mlikuwa mnakuja tu na kosa lilikuwa langu, sikupanga ratiba, nikadhani watu watajigawa wenyewe. Wanaokumbuka siku ya wazi iliyopita wanajua kilichotokea, saa 2 nilikaa peke yangu na meza yangu, saa 3 wakaja watu wawili, halafu saa 4 na nusu natoa kichwa mlangoni naona foleni ya watu 19. Kila mmoja nampa dakika 10, piga hesabu mwenyewe, wa mwisho kwenye mstari angeingia saa 7 na nusu wakati shule inafungwa saa 7. Wengine walisubiri wee mpaka wakachoka wakaondoka, na sikuwalaumu.

Kuna mmoja hapo katikati, mtoto wake alikuwa ameshafungua daftari la sayansi kwenye ukurasa alipochora moyo wa binadamu, kapaka rangi nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili, mishale yote iko sawa, akaliweka kwenye dawati lake ili mama akiingia alione. Mama akaitwa kazini kabla zamu yake haijafika. Jioni nafunga darasa nalikuta daftari bado liko wazi palepale. Sijalisahau lile daftari, na ndo maana safari hii nawasumbua na habari za kujibu mapema.

Hesabu yenyewe iko hivi. Darasa lina watoto 42 na mwalimu wa darasa ni mmoja. Jumamosi kuanzia saa 2 mpaka saa 7 bila kupumzika naweza kuonana na wazazi wa watoto 30 tu, dakika 10 kila mtoto. Wanabaki 12. Hao nimewatengea Ijumaa tarehe 12 Juni, yaani siku moja kabla, kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 11 jioni, na hapo zinatimia 42 kamili, hamna nafasi ya ziada hata moja. Kwahiyo Ijumaa ile inawafaa zaidi wale ambao Jumamosi wanakuwa kazini au safarini au kwenye ibada, semeni mapema tu nawaweka huko, ila zikishajaa zile 12 zimejaa.

Nikishapata majibu yenu Ijumaa tarehe 5, nakaa wikiendi hiyo napanga majina, na Jumatatu tarehe 8 Juni kila mtoto anakuja nyumbani na kikaratasi kimeandikwa siku yenu na saa yenu. Ukiambiwa saa 4 na dakika 20 basi ni saa 4 na dakika 20, njoo dakika tano kabla, hutapanga foleni. Mimi upande wangu naahidi sitapitisha dakika 10 za mtu, nitaweka saa mezani, msinione mkorofi ikilia.

Sasa huko ndani tutafanya nini. Mtoto atakuwepo, hilo naomba tuelewane kabisa. Zamani tulikuwa tunawatoa nje watoto halafu watu wazima tunawaongelea, mtoto anabaki ukutani anajiuliza nimeshtakiwa nini. Safari hii mtoto ndo anaanza. Dakika mbili tatu za kwanza anakuonesha kazi moja anayojivunia na kazi moja iliyomshinda, zote kachagua mwenyewe, mimi siingilii. Halafu tunaangalia ripoti pamoja, halafu unauliza unachotaka. Kama una jambo ambalo hutaki mtoto asikie, mambo ya nyumbani, afya, chochote, niambie kwenye jibu lako kwamba unahitaji faragha, hamna haja ya kueleza kwa nini, nitakupangia muda mwingine wiki hiyo hiyo tukae wawili.

Na nawaomba kitu kimoja kwa heshima zote. Ukikuta alama haijakufurahisha usimgombeze mtoto pale pale, wala usimlinganishe na wa jirani anayesoma naye, maana wa jirani anaweza kuwa amesimama mlangoni anasubiri zamu yake. Tulize moyo kwanza. Uliza alama hiyo imetokana na nini, mara nyingi ni kitu kinachorekebishika, kuna mmoja humu anakosa hesabu za mgawanyo kwa sababu tu hapangi tarakimu zake kwenye mstari, anajua kugawanya vizuri kabisa. Hicho huwezi kukiona kwenye ripoti, unakiona ukifungua daftari. Ndo faida ya kuja.

Ukitoka kwangu usikimbie. Nyuma ya darasa kutakuwa na meza za watoto. Tarehe 1 Juni kila mmoja anapanda mbegu moja ya haragwe kwenye chupa ya plastiki inayoonesha ndani, mbegu imebanwa na karatasi yenye unyevu pembeni kabisa mwa chupa ili mizizi ionekane. Wengine wameamua wataipanda kichwa chini kwa makusudi waone kama mzizi utapotea njia. Mimi jibu nalijua, mzizi unafuata mvuto wa dunia utageuka tu kwenda chini, lakini sijawaambia na nyinyi msiwaambie, tafadhali, waacheni wajionee. Kwenye meza nyingine kuna mizani waliyotengeneza kwa hanga ya nguo na vikopo viwili, watakuomba funguo zako au simu yako wapime, kubalini tu, simu wataishika vizuri nimeshawaonya.

Wanaouliza kama lazima waje baba na mama wote wawili, sio lazima. Bibi, babu, shangazi, mjomba, kaka mkubwa, yeyote anayeishi na mtoto na kumfuatilia anakaribishwa, tuandikie tu ni nani ili nisishangae. Kama wazazi hamuishi pamoja na mngependa kuja kila mtu kwa wakati wake, semeni, nitawagawia zile dakika 10 mara mbili, tano tano, bila maswali. Wadogo wanaweza kuja pia ila andika idadi maana viti tunaazima madarasa mengine. Na kama yupo anayetumia kiti cha magurudumu au anayepata shida na ngazi, darasa letu liko juu, nijulishe kwenye jibu nitahamishia meza yangu chumba cha chini, ni kazi ya dakika chache nikijua mapema, siku yenyewe ndo inakuwa kasheshe. Mzazi anayetumia lugha ya alama naye aseme, mkalimani anahitaji kuombwa wiki nzima kabla, hamna namna ya kumpata asubuhi ile ile.

Ohh na kuna wazazi huwa hawaji kwa sababu wanaona aibu, shule yenyewe hawakufika mbali au kusoma kunawapa shida, wanahofia mwalimu atawapa karatasi wasome mbele za watu. Hamna kitu kama hicho. Mtoto ndo atakusomea, na usione haya kumwambia rudia. Wengi wao wanasoma vizuri zaidi wakimsomea mtu wa nyumbani kuliko wakinisomea mimi.

Mambo ya ada na michango hatutayagusa siku hiyo, kwahiyo usibaki nyumbani kwa ajili ya deni. Mimi sina hata orodha hiyo.

Haya, kujibu kwenyewe. Njia ni mbili. Ya kwanza, chini ya barua hii kuna kipande cha kukata, jaza, mpe mtoto, aniletee mkononi (sio kwenye begi, begi la darasa la 5 ni kaburi la makaratasi, wiki iliyopita nimetoa humo barua ya mwezi wa pili). Ya pili, tuma meseji kwenye namba yangu ile ile mnayoitumia mtoto akiumwa. Andika namba ya mtoto kwenye rejista, iko kwenye jalada la daftari lake la kazi za nyumbani, halafu kama unakuja au huji, watu wangapi, siku gani, na saa mbili tofauti zinazokufaa ili ya kwanza ikijaa nikupe ya pili. Mfano: "Namba 17, tunakuja watu wawili, Jumamosi, saa 3 au saa 5." Inatosha. Nikiipata nitajibu "nimepokea", ukiona kimya mpaka kesho yake ujue haijanifikia, tuma tena.

Na kutokuja nako ni jibu. Ukiniandikia huji sinuni, nafasi yako nampa mwenzio, na wewe nakupigia simu Jumatano tarehe 17 au Alhamisi tarehe 18 Juni baada ya saa 10 jioni, chagua siku, dakika zako 10 ziko pale pale. Kinachoniumiza ni kimya, maana sijui nikuwekee kiti au nisikuwekee.

Atakayejibu baada ya Ijumaa ile saa 10 jioni nitamuweka panapobaki, pasipobaki basi tutaonana wiki inayofuata. Ukija Jumamosi bila kujibu sikufukuzi, utaingia utaona madaftari, haragwe na mizani, ila kukaa mezani na mimi itabidi tupange siku nyingine, kwa sababu yule aliyejibu kwa wakati siwezi kumsogeza.

Karibuni sana.

Mwalimu wa darasa la 5

- - - - - - - - kata hapa - - - - - - - -

JIBU LA SIKU YA WAZI, DARASA LA 5
Lirudi kabla ya Ijumaa tarehe 5 Juni, saa 10 jioni

Namba ya mtoto kwenye rejista:
Weka tiki: ( ) Nakuja Ijumaa tarehe 12  ( ) Nakuja Jumamosi tarehe 13  ( ) Siji, nipigie Jumatano tarehe 17  ( ) Siji, nipigie Alhamisi tarehe 18
Saa inayonifaa, na nyingine ya akiba:
Tutakuja watu wangapi, na ni nani wa mtoto:
Nahitaji: ( ) chumba cha chini  ( ) mkalimani wa lugha ya alama  ( ) muda wa faragha  ( ) kugawana muda na mzazi mwenzangu
Sahihi ya mzazi au mlezi (sio ya mtoto, mwandiko wao naujua):