Ripoti ya Usiku: Kitanda 7, Wodi ya Upasuaji

Mama, miaka 54, siku ya 2 baada ya upasuaji wa tumbo.

Maji: dripu ya Ringa mL 1,000, amekunywa mL 150. Mkojo kwenye katheta mL 620, sasa umekuwa mweupe zaidi. Hajatapika. Kanula ya kushoto imeanza kuvimba, ibadilisheni kabla ya dripu ijayo.

Maumivu: saa 4 usiku 7/10, parasetamoli gramu 1, saa 6 tramadoli mg 50, yakashuka hadi 3. Parasetamoli tena saa 10 alfajiri, ijayo saa 4 asubuhi. Tafadhali muulizeni akiwa anakohoa au anageuka. Akitulia husema "sijambo" huku amekunja uso.

Usingizi: saa 7 hadi saa 10 tu.