Kwa nini naomba kusoma udaktari wa mifugo wakati digrii tayari ninayo

Habari za kazi kamati ya udahili. Mmetaka mwombaji mwenye digrii aeleze kwa maneno yake kwa nini anarudi kuanza digrii nyingine ya kwanza badala ya kwenda masta. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Nina digrii ya Sayansi ya Wanyama, nimeisomea hapohapo Sokoine na nikamaliza 2016. Namba moja kwenye fomu yangu ilikua udaktari wa mifugo ila fizikia ya fomu siksi ilinibania, nikapangiwa huku na nikasoma kwa moyo wote, wala sijawahi kuijutia ile kozi. Imenilisha mpaka leo. Tangu nimalize niko Rungwe na chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, nafundisha watu kulisha, kukata majani ya tembo kabla hayajakomaa, kutunza ndama, nafanya uhimilishaji, na asubuhi nakua kituoni kupima maziwa kabla hayajaingia kwenye tangi.

Sasa ishu iko hivi. Kwenye kulisha na kuzalisha niko vizuri, mfugaji akinifuata kwamba ng'ombe anatoa lita sita na jirani yake anapata kumi na mbili namjibu palepale bandani. Lakini wanaokuja kuuliza lishe ni wachache, wengi wanakuja wakati ng'ombe ameshaumwa, na hapo mimi kazi yangu imeisha. Kwa Sheria ya Veterinari ya 2003 anayetambua ugonjwa, kuandika dawa na kupasua ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, wasaidizi wanafanya chini yake. Ni sheria nzuri tu na siombi iniachie nafasi. Ila daktari tuliye naye anazunguka kata nyingi na mvua ya huku mnaijua, barabara ikikatika anafika kesho yake mchana, wakati mwingine anakuta ngozi.

Kinachotokea katikati hapo ndo kimenisukuma kuandika hii barua. Mfugaji hasubiri, anaenda duka la dawa ananunua chupa ya oksitetra anachoma mwenyewe, homa anachoma, kuhara anachoma, hata ng'ombe aliyegoma tu kula anachomwa. Ikitokea ni ndigana baridi anapona, basi mtaa mzima unaamini ile dawa inatibu ndigana. Wiki ijayo anaugua wa jirani, tezi za chini ya sikio zimevimba, anahema kwa shida, hiyo ni ndigana kali inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, anachomwa oksitetra ileile na anakufa, kwasababu ugonjwa ukishapanda hivyo anatakiwa apewe buparvakwoni na apewe mapema. Kwa macho ya mfugaji zote ni homa. Kuzitofautisha unavuta sampuli ya damu au ya tezi, unaipaka kwenye kioo, unaiangalia kwa hadubini na unajua unachokitafuta. Hicho kitu cha mwisho mimi sikufundishwa kwa kina, nilipitia magonjwa kwa juujuu kama mtu wa lishe anavyopitia, ya kutosha kujua nimwite nani.

Alafu kuna upande wa maziwa ambao watu wanausahau. Kuna dada hapa mjini ananunua maziwa yetu anatengeneza mtindi, siku moja akaja juu kwamba mzigo mzima haujaganda. Laktomita ilikua imesoma vizuri, hakuna maji, na kipimo cha spiriti kilikua safi. Tukafuatilia mpaka tukamkuta mfugaji aliyechoma ng'ombe wake kwa ajili ya kiwele na kesho yake akakamua akaleta, dawa ikaua wale bakteria wanaogandisha mtindi. Mtindi ulitushitua tu, ila maziwa mabichi ya namna hiyo mara ngapi yamenywewa na watoto bila mtu kujua? Mimi naweza kukataa maziwa kituoni. Kumwambia mfugaji tiba gani itumike, kwa dozi gani na asubiri siku ngapi kabla ya kuuza, hiyo inatakiwa itoke kwa daktari, na daktari ni mmoja.

Sasa lile swali la masta. Nimeshaulizwa na mume wangu, na bosi, na mama mkwe kauliza mara mbili. Masta ya lishe ya mifugo ningepata haraka na mshahara ungepanda. Lakini hata nikifika udaktari wa falsafa kwenye lishe bado sitasajiliwa kua daktari wa mifugo, kwasababu usajili unaangalia digrii ya udaktari wa mifugo, haihesabu umesoma miaka mingapi kwa jumla. Masta ingenipandisha kwenye kitu ninachokijua tayari, na pengo langu liko chini yake, kwenye patholojia, famakolojia, upasuaji, parasaitolojia na ukaguzi wa nyama. Hivyo vitu havina njia ya mkato, lazima nianze mwaka wa kwanza.

Na siji mikono mitupu. Fiziolojia, baiokemia, jenetiki na takwimu nimeshazisoma, na mkono wangu umezoea ng'ombe, nikiingiza kwa ajili ya uhimilishaji naijua shingo ya kizazi ilipo bila kubahatisha. Kama taratibu zinaruhusu kuhamisha baadhi ya krediti nitashukuru, zisiporuhusu nitakaa darasani na vijana wa miaka kumi na tisa nisome upya bila kinyongo. Kitu kimoja nina wasiwasi nacho kwa kweli ni kukariri anatomia ya mbwa na farasi, farasi mwenyewe nimemwona mara chache.

Hela najua mtauliza. Mkopo wa Bodi niliosomea digrii ya kwanza nimeumaliza, nilikua nakatwa asilimia 15 ya mshahara na mwaka jana nikalipa salio lote kwa mkupuo, na safari hii siombi mkopo. Nina akiba ya mwaka wa kwanza na wa pili, nina ng'ombe wawili wanaokamuliwa ambao mume wangu atabaki nao, na chama kimekubali kunipa kazi za likizo zile za kumbukumbu za uzalishaji ambazo naweza kufanya hata nikiwa Morogoro. Mwaka wa tatu mpaka wa tano utakua mgumu, sifichi, tumepanga kuuza kiwanja kidogo cha Kiwira kama itabidi. Mtoto wetu ana miaka sita, atabaki na baba yake na bibi yake.

Nikimaliza narudi Rungwe. Chama kina chumba nyuma ya kituo cha maziwa ambacho sa hivi kinawekwa madumu, wamekubali kukifanya kliniki yenye hadubini na friji la chanjo, mfugaji akileta maziwa asubuhi alete na sampuli. Barua yao nimeiambatanisha.

Naomba kwa njia ya sifa linganifu, kwahiyo nimeweka cheti na transkripti ya digrii, vyeti vya fomu fo na fomu siksi, na barua ya daktari wa mifugo ninayefanya naye kazi. Mkinihitaji kwa usaili naweza kuja siku yoyote, naomba tu mnipe taarifa siku tatu kabla, maana lazima nipate mtu wa kunishikia kipimo cha maziwa asubuhi na basi la Tukuyu kwenda Morogoro linakula siku nzima.